Mkanda Uliokataa Kulingana na Kitabu

Mimi nasoma ualimu. Masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Hisabati, na kila mwaka kuna kozi moja au mbili ambazo tunachanganywa na wenzetu wa bayokemia. Huko wanatuita "Ticha", kwa sauti ile ya utani ambayo mtu hajui acheke au anune. Nimeona niandike kuhusu jambo tulilokutana nalo huko muhula uliopita kwa sababu wadogo zetu wa mwaka wa pili wataingia maabara ileile, watapewa picha ileile ya jeli, na baadhi yao watakaa usiku mzima wakibishana kama tulivyobishana sisi. Kikundi chetu cha watu wanne nusura kivunjike kwa ajili ya namba moja.

Kazi yenyewe inasemeka kwa sentensi moja: una picha ya jeli yenye mikanda ya protini, tafuta ukubwa wa kila protini. Tulipewa maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa mafuta. Unayachanganya na maji, unaongeza sabuni kali iitwayo SDS pamoja na kemikali ya kukata vifungo vya salfa, kisha unachemsha kwa dakika tano. Protini ni mnyororo uliojikunja kwa namna yake. Ukiichemsha na sabuni hiyo inakunjuka, na sabuni inajipachika juu yake kwa urefu wote, takriban gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu 1 ya protini. Sabuni ina chaji hasi, kwa hiyo protini ndefu inabeba chaji nyingi na fupi inabeba chache, kila moja kwa kadiri ya urefu wake. Ukiziweka kwenye visima vya jeli na kuwasha umeme, zote zinakimbilia upande wa chanya. Jeli yetu ilikuwa ya akrilamaidi ya asilimia 12, na ndani ni kama chekecheo lenye matundu madogo sana. Fupi zinapenya haraka, ndefu zinakwama kwama njiani. Baada ya saa moja hivi kwa volti 150 unazima, unatia rangi ya Kumasi (ndiyo, jina hilo limetokana na mji wa Kumasi kule Ghana), na mikanda ya buluu inajitokeza.

Jeli haina namba iliyoandikwa popote. Ndiyo maana kisima cha kwanza huwekwa ngazi, yaani mchanganyiko wa protini ambazo ukubwa wake unajulikana. Ngazi yetu ilikuwa na protini sita. Tulipiga picha, tukaifungua kwenye programu ya ImageJ, na tukasogeza kishale katikati ya kila mkanda. Chini ya upau wa vitufe programu inaonyesha `x` na `y` ya mahali kishale kilipo, na `y` ndiyo unayoitaka. Tukitoa `y` ya ukingo wa juu wa jeli, tulipata umbali huu, kwa pikseli. Ukubwa uko katika kilodaltoni, ambacho ndicho kipimo cha uzito wa protini:

```
97.4    144
66.2    252
45.0    408
31.0    600
21.5    804
14.4   1032
```

Kabla ya hesabu yoyote, mmoja wetu alikuwa na wasiwasi. Picha ilitumwa kwenye kundi la Wasapu, na Wasapu huzipunguza picha. "Sasa milimita zetu si zimepotea?" Zimepotea, na hazihitajiki. Tunalinganisha mkanda wa maziwa na mikanda ya ngazi iliyo kwenye picha hiyohiyo. Picha ikipunguzwa nusu, umbali wote unapungua nusu na uwiano unabaki palepale. Kinachoharibu ni picha iliyopigwa simu ikiwa imeinama, kwa sababu upande wa mbali unasinyaa na wa karibu unabaki mkubwa, na hapo uwiano unavunjika. Utaijua kwa kuangalia kingo za jeli: kama ni mstatili mezani, na kwenye picha zimekaribiana upande mmoja kama barabara inayoishia mbali, rudia picha. Jambo la pili la kutazama ni kama mikanda imetabasamu. Umeme ukiwa mkali, katikati ya jeli kunapata joto kuliko pembeni na protini za katikati zinakimbia zaidi, basi mkanda uliopaswa kulala sawa kwenye visima vyote unajipinda kama mdomo unaocheka. Ngazi iliyo kisima cha pembeni kabisa itakuwa imebaki nyuma kidogo, na sampuli ya katikati itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Jeli yetu ilikuwa imetulia. Fundi wa maabara alikuwa ameweka ngazi pande zote mbili, na mikanda ya kushoto na ya kulia ilitazamana vizuri.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tazama zile namba sita tena. Kutoka 97.4 hadi 66.2 kuna tofauti ya kilodaltoni 31, na kwenye picha nafasi yake ni pikseli 108 tu. Kutoka 21.5 hadi 14.4 kuna tofauti ya kilodaltoni 7, lakini nafasi yake ni pikseli 228. Pikseli moja ya juu ina thamani karibu mara tisa ya pikseli moja ya chini. Rula ya kawaida, ambayo sentimita yake ni ileile mwanzo hadi mwisho, haiwezi kusoma kitu kama hiki.

Mwenzetu mmoja aliijaribu hivyohivyo. Alichora mstari mmoja ulionyooka kutoka 97.4 hadi 14.4 kwenye karatasi ya kawaida ya grafu, akasoma ukubwa wa mikanda ya maziwa humo. Sikumbishia. Nilimwomba asome kwa mstari huohuo mkanda wa ngazi ulio kwenye pikseli 408. Akapata karibu 73. Mkanda ule ni ovalbumini ya ute wa yai, na karatasi ya ngazi inasema 45. Aliuangalia mstari wake, akaukunja bila kusema neno.

Dawa yake ni kuacha kutoa na kuanza kugawanya. 97.4 gawanya kwa 66.2 unapata 1.47. 66.2 kwa 45 ni 1.47. 45 kwa 31 ni 1.45. 31 kwa 21.5 ni 1.44. 21.5 kwa 14.4 ni 1.49. Kumbe kila hatua ya ngazi ile ni karibu mara moja na nusu ya hatua iliyo chini yake. Na kwenye nusu ya chini ya jeli, ambako hatua ni mara moja na nusu, nafasi nazo zinakaribiana: pikseli 192, 204, 228. Jeli inahesabu kwa mara. Ukiizidisha protini kwa kiasi fulani, mkanda unapanda kwa umbali fulani, na ukiizidisha tena kwa kiasi kilekile unapanda tena kwa umbali unaokaribia uleule.

Hapo ndipo mtu wa Hisabati anapoinua kichwa. Kitu kinachogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha tulikifundishwa Kidato cha Pili, tukiwa na vitabu vya majedwali mkononi, na wengi wetu tulikisahau wiki iliyofuata. Ni logi. Ukichukua logi ya kila ukubwa, hatua za mara moja na nusu zinakuwa hatua sawa za kujumlisha 0.16 au 0.17 hivi, na sasa rula inafanya kazi. Fomula ni hii, ambapo `M1` na `M2` ni ngazi ya juu na ya chini ya mkanda wako, na `d` ni umbali:

```
log M = log M1 - (d - d1)/(d2 - d1) × (log M1 - log M2)
```

Kwa maneno ya kawaida: tafuta mkanda wako umekwenda sehemu gani ya safari kati ya ngazi mbili zinazoupakana, kisha shuka sehemu hiyohiyo ya tofauti ya logi zao. Mwisho unarudisha logi kuwa namba ya kawaida.

Usiniamini kwa sababu nimeandika fomula. Ipime. Sisi tulifunika mkanda mmoja wa ngazi kwa kidole, ule wa 31, tukajifanya hatuujui. Jirani zake ni 45 kwenye pikseli 408 na 21.5 kwenye pikseli 804. Uliofunikwa uko 600. Umetembea pikseli 192 kati ya 396, yaani 0.485 ya safari. Logi ya 45 ni 1.653, ya 21.5 ni 1.332, tofauti ni 0.321. Sehemu ya 0.485 ya hiyo ni 0.156. Toa kwenye 1.653 unabaki na 1.497, na namba yenye logi hiyo ni 31.4. Tukainua kidole: 31. Kwa rula ya kawaida, katikati ya ngazi hizohizo mbili, ungepata 33.6. Tofauti ya hizo mbili ndiyo faida ya logi, na umeiona kwa macho bila kuambiwa na mwalimu.

Kuna mpaka mmoja hapa. Logi haiunyooshi mstari mzima. Ukiziangalia nafasi za juu, 108 na 156, zimebanana kuliko za chini ingawa hatua ni zilezile za mara moja na nusu. Protini kubwa katika jeli ya asilimia 12 zinakwama zote pamoja karibu na mlango. Ukichora mstari mmoja wa logi toka juu kabisa hadi chini kabisa, ovalbumini inasomeka 55 badala ya 45. Ndiyo maana ni salama zaidi kutumia jirani wawili tu, wa juu na wa chini, na kuacha kuamini chochote kilicho juu ya ngazi ya kwanza au chini ya ya mwisho. Huko huna jirani, unakisia. Uhusiano huu wa logi haukuteremshwa kama sheria. Ni tabia ya jeli iliyoonekana kwa kupima, na inashika katika eneo lake tu.

Sasa maziwa. Katika njia ya sampuli kulikuwa na mkanda safi kwenye pikseli 894, kati ya 21.5 na 14.4. Umetembea 90 kati ya 228, yaani 0.395. Tofauti ya logi ni 0.174, sehemu yake ni 0.069, toa kwenye 1.332 inabaki 1.263. Jibu ni kilodaltoni 18.3. Protini ya maziwa iliyo karibu na hapo ni beta-laktoglobulini, na kitabu kinaipa 18.4 hivi. Tulishangilia kama timu iliyofunga goli dakika ya tisini.

Furaha yetu haikumaliza dakika kumi. Juu zaidi kulikuwa na mikanda miwili minene iliyokaribiana, mmoja pikseli 580 na mwingine 618. Hizo lazima ziwe kaseini, kwa sababu kaseini ndiyo sehemu kubwa ya protini ya maziwa ya ng'ombe, ndiyo inayoganda ukitengeneza jibini. Wa 580 ulitupa 32.2. Wa 618 ulitupa 30.0. Tukafungua kitabu. Alfa-s1 kaseini: 23.6. Beta-kaseini: 24.0.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa na sapu ya kozi hiihii kutoka mwaka uliopita. Ripoti ilikuwa na alama 10, na kwake alama 10 ni suala la kuendelea na mwaka au kurudi nyumbani kumweleza mzee. Maneno yake nayakumbuka: "Ticha, anayesahihisha anaangalia kama namba yako imefanana na kitabu. Imefanana, alama. Haijafanana, ole wako. Sogeza kishale chini kidogo, tupate 24, tulale."

Tuseme kweli, wengi wetu tumewahi kusikia sentensi hiyo. Tangu sekondari, kwenye titresheni, kwenye pendulamu, kuna jibu linalotarajiwa na kuna ujuzi wa kulifikia kwa njia ya panya. Tunaita kupika data. Na sikuwa na haki ya kumhubiria mtu mwenye sapu. Nilichoweza kufanya ni kumwomba tuhesabu kwanza huo "kidogo" ni kiasi gani.

Tukahesabu kinyume. Protini ya 23.6 ina logi ya 1.373, nayo ingepaswa kukaa kati ya 31 na 21.5, karibu na pikseli 751. Mkanda wetu uko 580. Ili kuupika inabidi uusogeze pikseli 171, wakati urefu wote kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho ni 888. Hiyo ni karibu moja ya tano ya ngazi nzima. Mkono ukitetemeka kwenye kishale unakosea pikseli tano, tuseme kumi kwa sababu mkanda ni mnene, na pikseli kumi hapo zinabadilisha jibu kwa asilimia 2 tu. Hakuna jicho baya la kuzaa pikseli 171. Mtu yeyote akiweka rula juu ya picha tuliyoiambatanisha ataona.

Lakini swali lake la msingi lilikuwa zuri: basi nani mwongo, rula yetu au kitabu? Tukarudi kwenye beta-laktoglobulini. Ilikuwa njia ileile, jeli ileile, picha ileile, kipimo kilekile, na ilisomeka sawasawa. Mkanda wa 31 tuliofunika kwa kidole uko pua na mdomo na kaseini, na nao ulisomeka sawasawa. Rula ilikuwa nzima mahali palepale tulipoilaumu.

Ushahidi wa tatu ndio uliofunga mjadala, nao ulikuwa mezani muda wote. Fundi wa maabara, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ameweka beta-kaseini safi katika kisima cha nne. Sisi tulikuwa tumeiacha tukidhani ni ya kikundi kingine. Mkanda wake ulikaa sambamba na ule wa chini, wa 618. Kwa hiyo wa chini ni beta na wa juu ni alfa-s1. Sasa soma tena kitabu: alfa-s1 ni 23.6, beta ni 24.0. Nyepesi iko juu, nzito iko chini. Zimepishana!

Kaa nalo hilo kidogo, maana lina uzito kuliko namba zote. Kama kosa lingekuwa kwenye mstari wetu, tungeweza kuupinda mstari mpaka ukae sawa. Lakini mstari wowote utakaochora, ulionyooka au uliopinda, wa logi au wa kawaida, una sharti moja: aliye juu ni mkubwa kuliko aliye chini. Hakuna mstari duniani unaoweza kusoma alfa-s1 kuwa nyepesi kuliko beta ikiwa alfa-s1 iko juu. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye hesabu. Kaseini zenyewe hazitembei kama ngazi inavyotembea.

Kwa nini? Rudi mwanzoni, kwenye sabuni. Rula yote imesimama juu ya dhana kwamba SDS inajipachika kwa kiasi kilekile kwa kila gramu na kwamba minyororo yote ikishavaa sabuni inafanana umbo. Protini za ngazi zinalitimiza hilo vya kutosha. Kaseini hazilitimizi. Alfa-s1 ina asidi amino 199, na juu yake kuna vikundi vinane vya fosfati, vingi vikiwa vimejazana sehemu moja. Beta ina asidi amino 209 na fosfati tano. Fosfati ina chaji hasi, na sabuni ina chaji hasi, na vyenye chaji moja husukumana. Maelezo yanayotolewa ni kwamba sehemu hizo zinavaa sabuni kidogo, mnyororo unabaki umetanuka kuliko inavyotarajiwa, na kitu kilichotanuka kinakwama zaidi kwenye chekecheo. Jeli inaripoti jinsi kitu kilivyopenya. Sisi ndio tunaotafsiri kupenya kuwa uzito, na tafsiri hiyo inakubalika pale tu protini inapofanana tabia na ngazi.

Nilipokwenda maktaba nilikuta kwamba watu walishajiuliza jambo hili zamani. Mwaka 1969 Klaus Weber na Mary Osborn walipima protini 40 ambazo ukubwa wake ulijulikana, wakachora mwendo wake dhidi ya logi, na wakaonyesha kwamba njia hii inaweza kutegemewa kwa kosa la asilimia 10 hivi. Mwaka uliofuata Ulrich Laemmli akachapisha muundo wa jeli ambao ndio tunaoutumia mpaka leo maabara. Asilimia 10 ya 18.4 ni karibu 1.8, na sisi tulikosea kwa 0.1, tukashangilia kupita kiasi pengine, kwa sababu bahati nayo ilikuwemo. Asilimia 10 ya 23.6 ingeturuhusu kufika 26. Sisi tulikuwa 32, yaani asilimia 36 juu. Kwa hiyo ukikuta tofauti ya asilimia tano usiandike insha. Ukikuta ya asilimia 36, na jirani zake wanasomeka vizuri, usiifiche, kwa sababu protini inakuambia kitu kuhusu mwili wake: ina fosfati, au ina sukari iliyobandikwa, au ina chaji isiyo ya kawaida.

Kiongozi wetu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Lakini aya hiyo unaiandika wewe, na nikipata sapu nyingine unakuja nyumbani kumweleza mzee." Niliiandika. Tuliripoti ukubwa unaoonekana, kwa maneno hayo: "ukubwa unaoonekana, jeli ya asilimia 12, kwa kulinganisha na ngazi". Tukaweka 18.3 kwa beta-laktoglobulini, 32 na 30 kwa kaseini, tukaeleza zile hoja tatu, na tukachapa picha yenyewe bila kuikata ili anayetaka kupima apime. Tulipata 7 kati ya 10. Alama mbili zilikatwa kwa sababu hatukuandika kipimo cha logi kwenye mhimili wa grafu, na moja sikuielewa mpaka leo. Kwenye aya ya kaseini msahihishaji aliweka alama ya vema na asiandike kitu. Kiongozi wetu alifaulu kozi, kwa alama ambazo si za kujivunia, lakini zilitosha, na mzee hakuhitaji kuelezwa lolote.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda mazoezi ya kufundisha, Hisabati Kidato cha Pili, mada ya logi. Nilichapisha ile safu ya namba sita kwenye karatasi, pamoja na mchoro wa mikanda yake, nikawapa wanafunzi wawili wawili. Sikuwaambia habari ya protini zaidi ya kwamba ni vitu sita vya ukubwa tofauti vilivyokimbia. Niliwaomba wafunike mmoja kwa kidole na wautafute kwa namna mbili, kwa namba zenyewe na kwa logi zake, kisha wainue kidole na kuona njia ipi imekaribia. Walitumia majedwali, kwa hiyo ilichukua karibu kipindi kizima.

Binti mmoja wa dawati la nyuma alifunika ule wa juu kabisa, 97.4. Alihangaika, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, huu hauna jirani wa juu." Nikamwambia kweli hauna. "Sasa nitajuaje?"

Nikamwambia aandike hivyohivyo kwenye daftari lake: mkanda huu hauna jirani wa juu, siwezi kuupima kwa ngazi hii. Aliniangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa jibu lenyewe. Halafu akaandika.